Sura ya Saba: Sahani Moja na Mlalamikaji

Katika komini ya Kabondo, mjini Kisangani, wafanyakazi wengi wa vituo vya afya hula mchana pamoja, kwa haraka, kati ya mgonjwa wa mwisho wa asubuhi na wa kwanza wa alasiri. Mama wa malewa huleta pondu, samaki na kwanga iliyofungwa kwenye majani, au lituma siku ndizi zikipatikana. Watu wanne watano huvuta viti wakazunguka meza. Nusu saa hiyo ndiyo mapumziko yao pekee, maana tangu saa mbili asubuhi wamekuwa wakisikiliza maumivu ya watu.

Sasa weka mezani hapo mtu mmoja anayelalamikia kila kitu. Kwanga imekuwa ndogo. Pondu haina mafuta. Umeme umekatika tena tangu jana. Primu ya mwezi uliopita haijaonekana. Muuguzi mkuu anapendelea watu wake. Dereva wa pikipiki ameongeza bei. Yote hayo huyasema kabla hujamaliza tonge la tatu, na kesho atayarudia kwa mpangilio uleule.

Ugumu wa mtu huyu ni kwamba mara nyingi anasema kweli. Kisangani inategemea umeme wa kituo cha maporomoko ya Tshopo, na mashine zake zikiharibika mitaa mizima hukaa gizani. Primu za wahudumu wa afya huchelewa kweli, na wako wanaofanya kazi bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya serikali. Kwa hiyo kumwambia aache kulalamika ni kumwambia auite usiku mchana. Na kumuunga mkono kila siku nako kunakurudisha kazini umechoka kuliko ulivyotoka. Sura hii inahusu njia iliyo katikati ya hayo mawili, na njia hiyo ina hatua zinazoweza kujifunzwa.

Majibu matatu yanayotujia haraka

La kwanza ni kujiunga. Yeye anasema primu imechelewa, wewe unasema yako ya mwezi ule hujapata mpaka leo, mwingine anaongeza habari ya shemeji yake aliyeko Lubunga. Kwa dakika chache meza inakuwa na joto la umoja. Joto hilo ni la kweli, na ndiyo sababu tunalirudia. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alichapisha uchunguzi juu ya marafiki vijana waliokuwa na desturi ya kuchambua shida zao pamoja, tena na tena, bila kufika mwisho. Aliona mambo mawili yakienda sambamba: urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na dalili zao za huzuni na wasiwasi zilikuwa nyingi zaidi. Alichunguza vijana, lakini mtu mzima yeyote aliyewahi kula na mlalamikaji kwa miezi anayatambua yote mawili. Mnapendana zaidi, na mnainuka mezani mmelemewa zaidi.

Mbelgiji Bernard Rimé, wa Chuo Kikuu cha Louvain, ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyosimuliana mambo yaliyowagusa. Aligundua kwamba karibu kila jambo linalotugusa sana tunamsimulia mtu, mara nyingi siku hiyohiyo. Aligundua pia jambo linalowashangaza wengi: kusimulia tu hakupunguzi uchungu wa jambo lenyewe. Msimuliaji anaamini amepata nafuu, lakini akipimwa baadaye, jambo linamuuma vilevile. Alichopata ni ukaribu na aliyemsikiliza. Uchungu wenyewe hupungua pale mtu anapoanza kulitazama jambo kwa namna nyingine. Hii inaeleza kwa nini mwenzetu hurudi kesho na lalamiko lilelile. Jana alipata wasikilizaji, akajisikia si peke yake, lakini jambo halikusogea hata kidogo. Njaa yake ya kusikilizwa inashiba kwa saa chache tu.

Jibu la pili ni kumpa somo. “Mshukuru Mungu, wenzako hawana hata kazi.” Anayesema hivyo kwa kawaida ana nia njema, lakini angalia anachofanya mlalamikaji baada ya hapo. Hanyamazi. Anatafuta ushahidi. Anataja kodi ya nyumba, ada ya mtoto wa sekondari, bei ya mafuta ya mawese, kwa sababu sasa ni lazima athibitishe kwamba ana haki ya kuumia. Somo lako limempa kesi ya kutetea. Wataalamu wanaowasaidia watu kuacha ulevi waliliona jambo hili kwa uwazi. Mmarekani William Miller na wenzake walichapisha mwaka 1993 uchunguzi ulioonyesha kwamba kadiri mshauri alivyombana na kumkosoa mgonjwa, ndivyo mgonjwa alivyobisha zaidi, na mwaka mmoja baadaye ndivyo alivyokuwa akinywa zaidi. Mtu akisukumwa upande mmoja, hujiegemeza upande wa pili ili asianguke.

Jibu la tatu linaonekana la busara: kumpa ufumbuzi. “Kwa nini usiende ofisi ya zone de santé ukaulize?” Atakujibu kwamba alishakwenda. “Basi andika barua.” Barua hazisomwi. “Basi tafuta kazi ya pembeni.” Na muda atautoa wapi? Baada ya mapendekezo matatu wewe umekasirika, na yeye ameshathibitisha kwamba hakuna njia. Ushauri usioombwa humweka mtu mahali pa mwanafunzi, na kazi ya kwanza ya mtu mzima aliyewekwa hapo ni kuonyesha kwamba yeye si mtoto.

Pokea mara moja

Njia ninayoitetea huanza kwa kitendo kidogo: unapokea lalamiko mara moja, kwa sentensi ya kueleza inayotaja jambo lenyewe, kisha unaendelea kula. Kila sehemu ya kitendo hicho ina sababu yake, kwa hiyo tukifuate mezani. Tuseme wewe ni muuguzi, na anayelalamika ni mtu wa maabara aliyekuzidi umri, ambaye kwa heshima unamwita Yaya.

“Ona hii kwanga, Mama. Kila wiki inapungua. Na makuta ni yaleyale. Na ile primu, mpaka leo hakuna. Tunafanya kazi kama watumwa.”

Hapo ametaja mambo matatu. Kwanga ni mlango tu. “Watumwa” ni moto wa maneno. Lililomchoma ni primu, na hilo unalijua kwa sababu amelifikia mwenyewe bila kuulizwa, na sauti imebadilika hapo. Basi unalijibu hilo.

“Primu ikikosekana mwezi mzima, inaharibu hesabu yote ya nyumbani, Yaya.”

Tazama sentensi hii ilivyojengwa. Haina swali, kwa hiyo haimwombi aendelee. Haina “na mimi pia”, kwa hiyo hujaongeza kuni. Haina “lakini”, kwa hiyo humpingi. Haimlaumu mtu yeyote, kwa hiyo kesho haitanukuliwa kwa muuguzi mkuu kwamba Mama fulani naye alisema. Imetaja jambo lake hasa, na kwa hilo anajua umemsikia. Sauti inashuka mwishoni, na mkono unarudi kwenye sahani.

Wengi hukosea kwa kutumia sauti za kupokea zisizo na jambo ndani yake: “Mm.” “Kweli kabisa.” “Eee, Kongo yetu!” Sauti hizi huonekana salama, lakini kwa mlalamikaji ni mwaliko. Hazimwonyeshi umesikia nini, kwa hiyo anarudia kwa nguvu zaidi ili asikike. Zikitoka kwa watu wanne kwa pamoja zinakuwa kiitikio, na yeye anakuwa mwimbishaji. Meza ikiwa na watu wengi, inatosha mmoja amjibu sawasawa na wengine waendelee kula.

Kosa la upande wa pili ni kujificha kwenye simu. Kukaa kimya huku unatazama skrini humwambia kwamba hafai kusikilizwa, na mtu aliyedharauliwa mezani hupandisha sauti au hutafuta mwingine wa kumlalamikia, safari hii akikulalamikia wewe.

Utajuaje kama umempokea vizuri? Sikiliza sentensi yake inayofuata. Akisema “Eee, hesabu yote,” kwa sauti ya chini, umefika. Akirudia jambo lilelile kwa maneno makali zaidi, hujafika: huenda umetaja jambo ambalo si lenyewe, na unaweza kujaribu mara moja zaidi. Akiliacha hilo papo hapo na kuleta lalamiko jipya juu ya umeme, basi hilo la primu halikuwa likitafuta jibu, na umeme nao hautafuti. Kinachotafutwa ni watazamaji. Hapo usipokee moja baada ya jingine. Nenda kwenye hatua ya kuhamisha, ambayo tutaifikia.

Swali moja la kuchambua

Robin Kowalski, aliyeandika mwaka 1996 juu ya saikolojia ya kulalamika, alitenganisha malalamiko yanayotaka jambo libadilike na malalamiko yanayotaka tu kutoa ya moyoni. Mezani yote mawili huja na maneno yaleyale, na kuyachanganya ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Ukimletea mpango mtu anayetaka kupumua, anakuona huna huruma. Ukimpa pole mtu anayetaka msaada wa kuandika barua, anakuona huna maana.

Baada ya kumpokea, unaweza kumuuliza swali moja ambalo yeye peke yake ndiye mwenye jibu lake: “Ungependa lifanyike nini, Yaya?” Liulize kwa sauti ya kawaida, bila mtego. Usiulize “kwa nini” wala “tangu lini”, kwa maana maswali hayo hurudisha hadithi mwanzo.

Akijibu, “Basi tu, acha, nimechoka,” umejua. Hataki mpango. Mwambie, “Mwezi umekuwa mrefu,” na uliache hapo. Akijibu, “Mimi ningetaka tujue majina yetu yapo kwenye orodha au hayapo,” mambo yamegeuka kabisa. Sasa ana ombi lenye mpaka, linaloweza kujibiwa ndiyo au hapana, na kwa maneno ya Rimé ameanza kulitazama jambo kwa namna nyingine. Lakini usilifanyie kazi mezani. Lipe saa na mahali: “Saa tisa nikimaliza chanjo, tukae tuandike majina ya wote ambao hawajalipwa, tumpelekee muuguzi mkuu ayafikishe zone.” Kwa kulitoa jambo mezani unalipa uzito wake, na unawarudishia wengine chakula chao.

Hapa kuna faida nyingine. Akija saa tisa na karatasi yake, umepata mwenzako wa kufanya naye kazi. Asipokuja, huna haja ya kumkumbusha wala kumsuta. Kesho lalamiko likirudi, una jibu fupi la ukweli: “Ile karatasi bado iko, Yaya. Ukiwa tayari tuiandike.” Litamke mara moja tu, kwa sauti ileile, kwa sababu likirudiwa mara ya pili linakuwa somo.

Kuhamisha kwa hatua

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji ustadi. Tukitaka kubadili mazungumzo, wengi wetu huruka: “Haya, tuache hayo, mpira jana mliona?” Kuruka huko kunaonekana, na anayerukwa huumia. Mmarekani Gail Jefferson, aliyechunguza maongezi ya kawaida yaliyorekodiwa, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba watu hutoka kwenye mazungumzo ya shida kwa hatua ndogondogo. Wanachukua kitu kilichomo ndani ya shida yenyewe lakini si shida, wanakizungumzia, kisha kutoka hapo wanaingia kwenye kingine, mpaka wamefika mbali bila mtu kuhisi mlango umefungwa.

Rudi kwenye kwanga. Imepungua, ndiyo lalamiko. Lakini kwanga ina mtengenezaji, ina majani, ina mto iliopitia. Baada ya kumpokea, unageukia kitu hicho:

“Hii leo majani yake ni mengine. Si ya mama yule wa siku zote?”

“Hapana, huyu ananunua kwa watu wa mtoni.”

“Wale wanaoshuka na mitumbwi? Yaya, si ulisema ninyi mlikulia huko mtoni?”

“Eee. Baba alikuwa mvuvi. Kwanga ya kwetu ilikuwa inakaa wiki nzima.”

Hatua tatu: majani, mto, baba. Mtu aliyekuwa anahesabu alichopungukiwa sasa anasimulia anachokijua kuliko wote mezani. Hukumdanganya, wala hukusema kwamba kwanga ni kubwa. Umechukua kitu chake mwenyewe ukakifuata. Ndiyo maana ustadi huu unahitaji umjue mtu kidogo: alikulia wapi, alisoma nini, mikono yake inaweza nini. Umeme uliokatika unaweza kupita kwenye taa ya jua iliyoko chumba cha kujifungulia, ukaenda kwa fundi aliyeifunga, ukafika kwa kijana wake anayesomea ufundi. Bei ya pikipiki inaweza kupita kwenye toleka, zile baiskeli za abiria ambazo Kisangani inajulikana kwazo, na kila aliyekulia mjini ana hadithi ya toleka.

Kuhamisha hushindikana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuanza kabla ya kupokea. Mtu ambaye hajasikika hukurudisha nyuma: “Majani ni majani, mimi nasema bei!” Ya pili ni kuchagua hatua inayorudi kwenye shida. Ukiuliza habari za mtoto anayedaiwa ada, umetoka kwenye primu kwa hatua moja na kurudi kwayo kwa hatua ya pili.

Anapolalamikia mtu asiyekuwepo

Lalamiko juu ya kwanga halimdhuru mtu. Lalamiko juu ya muuguzi mkuu, mezani, mbele ya watu wanne, linaweza kumfikia kabla ya saa kumi. Ukimkemea mwenzako kwamba anasengenya, umetoa somo. Ukinyamaza, unahesabiwa umekubali. Njia iliyopo ni kupokea upande wake tu na kuacha upande wa asiyekuwepo.

Anasema, “Yule mama anawapa zamu nzuri watu wake.” Usiseme “Kweli,” wala “Si kweli.” Sema, “Zamu tatu za usiku mfululizo zinachosha mwili.” Uchovu ni wake na unaujua. Upendeleo ni hukumu juu ya mtu mwingine, na hukuitolea ushahidi. Akikubana, “Lakini wewe huoni anavyofanya?” mjibu waziwazi: “Mimi na yeye hatujaongea habari ya zamu. Ukitaka kwenda kumwona, nitakusaidia kupanga tarehe zako.” Umesema ulipo, kwa maneno machache, na bado uko upande wa uchovu wake.

Mahali ambapo njia hii haifai

Kuna malalamiko ambayo hayastahili kuhamishwa. Kisangani ni mji uliopigwa mabomu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani yake. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, na mfuko wa FRIVAO uliundwa ili kuwafikishia waathirika fidia. Mwenzako akianza kulalamikia orodha na foleni za fidia, sikiliza vizuri kabla ya kutafuta hatua ya kutoka. Huenda nyuma ya orodha kuna ndugu aliyezikwa uani. Hapo kuhamisha ni kumkimbia. Weka tonge chini, umtazame, na umwache aseme yote.

Kuna pia mabadiliko. Mtu aliyekuwa akilalamika kwa sauti na kucheka katikati yake, kisha akaanza kulalamika bila kula, halali usiku, anasema hakuna tena faida ya kuendelea, huyo hana tabia mbaya ya mezani. Ana ugonjwa au ana msiba. Mtoe pembeni siku hiyohiyo, umuulize moja kwa moja kama anafikiria kufa, na usimwache peke yake mpaka apate wa kumsaidia. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Na kuna lalamiko ambalo ni la wote. Watu watano mezani wakiwa hawajalipwa, aliyelisema kwa sauti kila siku hajawakosea kitu. Kazi hapo ni ya sindika: majina, miezi, kiasi, barua yenye sahihi. Kumfundisha mtu kuvumilia lililopaswa kudaiwa ni kumdhulumu mara ya pili.

Katika mengine yote, usitarajie kwamba ataacha kulalamika. Tarajia lalamiko lililokuwa likila mlo mzima limalizike kabla samaki hajapoa, na wewe urudi kwa wagonjwa ukiwa na nguvu uliyoikusudia. Tarajia pia alama moja, ambayo huja polepole: siku moja atakuuliza habari zako. Mtu asiyelazimika tena kuthibitisha kwamba anaumia hupata nafasi ya kumwona aliyeketi mbele yake. Akikuuliza, usimjibu “Salama tu.” Mwambie jambo moja la kweli, hata kama nalo ni zito, kisha mpe naye nafasi ya kukupokea.